Iten haikuanza na bango: jinsi mji unavyopata jina ambalo mgeni akifika analikuta

Chukua kaulimbiu ya mji wowote unaoujua, futa jina la huo mji, weka jina la mji jirani. Kama sentensi bado inakaa sawa basi hapo hakuna brendi, kuna maneno tu. "Lango la fursa", "kitovu cha biashara na utalii", "mji wa watu wakarimu", hizi unaweza kuzipeleka Voi, Kitale, Singida ama Mbale na hakuna mtu atashtuka. Na pesa inayotumika si kidogo, manake kuna kumlipa mshauri, kuna nembo mpya, kuna video ya droni, kuna siku ya uzinduzi na tishati zake, alafu mgeni akija hapati kitu hata kimoja cha kumwonyesha kwamba amefika pale na si kwingine.

Mimi naona shida inaanza pale watu wanapodhani brendi ya mji ni kitu mji unachosema. Brendi ya mji ni lile wazo ambalo mtu wa mbali tayari analo kichwani akisikia jina lenu, na wazo hilo linatoka kwa vitu ambavyo vimefanyika huko, vikaonekana, vikasimuliwa na watu ambao hamkuwalipa. Simon Anholt, yule Mwingereza aliyeanza kuzungumzia brendi ya taifa miaka ya 1990, baadaye alikaa miaka mingi akiwaambia serikali jambo hilohilo, kwamba nchi haibadilishi sifa yake kwa matangazo, inaibadilisha kwa inachokifanya. Sasa hilo ni rahisi kukubali mkutanoni na ngumu sana kulifanya kwenye bajeti, kwa hivyo tuchukue mji mmoja tuuangalie kwa karibu, tuone kinachofanya jina lishike na kinacholiharibu.

Mji wenyewe ni Iten, makao makuu ya kaunti ya Elgeyo-Marakwet, kama kilomita 30 na kitu kutoka Eldoret, juu kabisa ya ukingo unaoshuka kwenda Bonde la Kerio. Ukiingia kutoka upande wa Eldoret unapita chini ya upinde juu ya barabara unaokukaribisha Iten, nyumbani kwa mabingwa. Watu wanatoka Ulaya, Japani, Amerika, wanasimama pale wanapiga picha. Na ukiangalia haraka utasema aah, kumbe kaulimbiu inafanya kazi, hebu na sisi tujenge upinde.

Lakini angalia mpangilio wa mambo ulivyokuwa. Mwaka 1976 Bradha Colm O'Connell alifika kutoka Ireland kufundisha jiografia shule ya wavulana ya St. Patrick's pale Iten, akaingia kwenye riadha ya shule bila kuwa kocha wa kusomea. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma hapo, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir, naye wa shule hiyohiyo, dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Barcelona. Baadaye Bradha Colm akamfundisha David Rudisha, na 2012 London Rudisha akakimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 1:41. Pale shuleni mabingwa wamepandiwa miti, kila mti na jina lake. Yaani ushahidi ulianza kujikusanya mapema, unaweza kuushika kwa mkono, na si maandishi ya barabarani yaliyouleta. Upinde ulikuja kutaja kitu ambacho tayari kilikuwa kinajulikana.

Sasa mabingwa peke yao hawaleti mgeni. Bingwa anakufanya ujue jina la mji, hakufanyi ulipie chumba. Kilichogeuza jina kuwa biashara ni kitu kingine, nacho ni mwinuko. Iten iko kama mita 2400 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ina msukumo mdogo kwa hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Mwili ukikaa hivyo unaanza kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ili ubebe oksijeni ya kutosha, na mkimbiaji akirudi kushindana chini anakuwa na faida. Lakini mwili hauna haraka, inachukua kama wiki tatu hivi ndo mabadiliko yawe ya maana. Ukiongeza kwamba Iten iko karibu na ikweta, hakuna baridi kali wala barafu, asubuhi ni tulivu, na kuna njia za murram zinazokwenda mbali kupita mashambani, unapata sababu kamili ya mtu kutoka Uholanzi ama Uingereza kuja na kukaa mwezi mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Lornah Kiplagat, mkimbiaji wa marathoni, akaona hilo akajenga kambi ya mazoezi yenye vyumba, jimu na chakula, na kuanzia hapo mgeni akawa na mahali pa kulala panapoelewa kwamba yeye anaamka saa 11 asubuhi. Mo Farah na Paula Radcliffe ni kati ya waliowahi kufanya mazoezi Iten, na kila mmoja wao alirudi kwao akasema alikuwa wapi.

Hiyo "wiki tatu" ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye hii habari. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kundi la wakimbiaji 20 wakikaa siku 28 ni usiku 560 wa kulala. Basi la watalii 50 likisimama kwenye upinde, wakapiga picha, wakanunua soda na kuendelea na safari, ni usiku 0. Ili watalii wa kulala usiku mmoja mmoja wakufikishie hizo 560 unahitaji watu 560, na kila mmoja unamtafuta upya. Alafu yule wa siku 28 hanunui chumba peke yake, anataka ugali na managu, anataka chapati, maziwa, mtu wa kumfulia, mtu wa kumkanda misuli, kijana wa kumwekea kasi kwenye mazoezi, boda ya kumpeleka mahali anapoanzia mbio ndefu. Hela inasambaa mtaani. Kwa hivyo mtu wa kaunti akiulizwa "tunamtaka mtalii gani?" jibu si "wote", jibu ni "yule ambaye ana sababu ya kukaa", na mji mwingine wowote ukitaka kuanza hii kazi vizuri uanze na hilo swali: ni kitu gani hapa kinachomlazimisha mtu akae zaidi ya usiku mmoja? Inaweza kuwa kozi, matibabu, kujifunza lugha, msimu wa upepo kwa watu wa baharini. Kama hakipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, nembo itasubiri.

Kitu kingine kinachofanya Iten ikae vichwani mwa watu ni kwamba mgeni anaweza kuingia ndani ya lile dai. Alhamisi asubuhi, kama saa 3 hivi, wakimbiaji wanakusanyika njia panda ya murram kwa ajili ya fatleki, yaani mazoezi ya kubadilisha kasi, dakika moja mbio kali, dakika moja polepole, au mbili kwa moja, wanavyokubaliana. Wanakuwa wengi sana, mamia wakati wa msimu, wengine wana mikataba ya viatu, wengine wamevaa tishati zilizochanika. Hakuna tiketi wala mlango. Mgeni anasimama na wao, saa zinalia, kundi linaondoka na vumbi linapanda, na baada ya dakika tano yeye yuko nyuma kabisa anahema lakini amekimbia na watu ambao Jumapili atawaona kwenye runinga. Hiyo hakuna kampuni ya matangazo iliyoitengeneza. Na ni kitu mgeni atakisimulia kwao miaka kumi. Angepelekwa kwenye makumbusho yenye picha za mabingwa ukutani angekuwa amesahau kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Eldoret.

Hapa ndo nataka watu wa mipango ya miji wanisikilize vizuri, sababu kuna kosa ambalo linafanywa kwa nia njema kabisa. Kila kiongozi akitaka kuonyesha maendeleo anaweka lami. Lami ni nzuri, mimi siipingi, mgonjwa anafika hospitali na viazi vinafika sokoni. Lakini kwa mkimbiaji ile murram ndo mali yenyewe, ni laini kwa magoti na miguu, mtu anaweza kupiga kilomita zaidi ya 150 kwa wiki juu yake, na anakimbia bila kukwepa malori. Ukiweka lami kila njia bila kufikiria, ukaleta magari ya kasi kwenye njia ambayo watu 200 wanaitumia saa 12 asubuhi, umeua kilichomleta mgeni na ukakata utepe juu yake. Suluhisho si kuwanyima watu barabara. Ni kuchora ramani ya njia zinazotumiwa na wakimbiaji, kuziweka kwenye mpango wa manispaa kama zinavyowekwa soko na kituo cha matatu, na pale lami inapopita basi pembeni yake ibaki njia pana ya udongo ulioshindiliwa, mifereji ikae upande wa nje. Hiyo ni kazi ya brendi hata kama haina nembo. Ningeiweka mbele ya bango lolote lile.

Na sasa upande unaouma. Jina likishakuwa kubwa, kila pengo kati ya jina na hali halisi linaonekana zaidi. Uwanja wa Kamariny, ule wa zamani pale juu wenye mandhari ya bonde, ambapo vizazi vya wakimbiaji vilifanyia mazoezi ya kasi, ulifungwa kwa ukarabati karibu mwaka 2017 na kazi ikakwama miaka na miaka. Fikiria mgeni amesoma kwamba huu ni mji wa mabingwa duniani, anauliza uwanja uko wapi, anaonyeshwa uzio na nyasi. Wakimbiaji wakawa wanashuka hadi Tambach kutumia uwanja wa udongo wa kule, au wanalipia uwanja wa binafsi wenye tartani, au wanakwenda Eldoret. Hakuna sentensi unayoweza kuandika ya kufunika hiyo. Na ukijaribu kuifunika ndo unaharibu kabisa, sababu mgeni ana simu na atapiga picha ya uzio.

Kuna pufya pia, zile dawa za kusisimua misuli. Kenya imefungiwa wanariadha wengi kwa miaka hii, mwaka 2016 shirika la dunia la kupambana na dawa hizo likatangaza kwamba Kenya haifuati kanuni zake, sheria ikabidi irekebishwe haraka. Kwa mji ambao dai lake lote ni ubingwa, hili si suala la wizara peke yake. Kila jina likitangazwa, mtu huko nje anajiuliza kama ule ushindi wa miaka 40 ulikuwa wa kweli. Mji unaweza kufanya nini? Unaweza kukagua maduka ya dawa yanayouza vitu bila cheti cha daktari, unaweza kuhakikisha kila kambi imesajiliwa na inajulikana kocha wake ni nani, unaweza kuwapa vijana wanaokuja kutafuta bahati mahali pa kuuliza kabla hawajapewa sindano na mtu anayejiita fizio. Hivyo ni vitu vya kaunti na manispaa, na vinalinda jina kuliko kampeni yoyote.

Alafu Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, wakafungua mlango kwa wanawake wanaopigwa na kunyang'anywa mali zao na waume ama makocha, jambo ambalo lilikuwa linajulikana na halisemwi. Nalitaja hapa kwa uzito wote. Kuna watu wanaofanya kazi ya sifa za miji ambao silika yao ni kusema tusiliguse, litatisha wageni. Mimi naona ni kinyume, msichana wa miaka 19 anayefikiria kuja kufanya mazoezi Iten, awe anatoka Kapsowar au Ufaransa, kitu cha kwanza anachohitaji kujua ni kama yuko salama, na mji unaosema wazi kuna dawati fulani polisi, kuna nyumba salama, kuna namba hii ya simu, unaaminika kuliko mji unaonyamaza. Na zaidi ya wageni, ni deni kwa wasichana wa hapohapo.

Turudi kwa wawekezaji, sababu watu huwa wanawachanganya na watalii wakidhani tangazo moja litawavuta wote. Mtalii anauliza nitahisi nini. Mwekezaji anauliza nitazuiwa wapi. Anayetaka kujenga kambi ya vyumba 30 Iten hahitaji kuambiwa kuna fursa tele, fursa ameiona mwenyewe akihesabu wakimbiaji barabarani. Anataka kujua hiki kipande cha ardhi kina taito safi au bado ni cha familia yenye kesi, maji yanafika mara ngapi kwa wiki wakati wa kiangazi, stima inapotea saa ngapi, kibali cha ujenzi kinachukua siku ngapi tangu faili liingie mpaka lisainiwe, na ada zote za kaunti ni ngapi jumla. Karatasi mbili zenye majibu ya kweli ya hayo maswali, zenye tarehe na jina la ofisi inayowajibika, zinafanya kazi kuliko kongamano la siku tatu hotelini. Hata kama majibu si mazuri. Ukiandika "kibali siku 90 kwa sasa, tunalenga 45" mtu anaweza kupanga pesa zake. Ukiandika "mazingira rafiki ya uwekezaji" hawezi kupanga chochote, na atakachofanya ni kumpigia simu mtu aliyejenga mwaka jana, na huyo ndiye atamwambia brendi yenu halisi ni ipi.

Kuna jambo moja ambalo Iten haiwezi kulikimbia, nalo ni majirani. Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 ilipokelewa kama jiji la mabingwa, Nandi nao wanajiita chemchemi ya mabingwa, na wote wana haki, mabingwa wanatoka kote huko. Rudia lile jaribio la kubadilisha majina na utaona neno "mabingwa" peke yake sasa limeanza kuteleza, linakaa Iten, linakaa Kapsabet kule Nandi, linakaa Eldoret. Kupigania neno ni kupoteza wakati. Iten ina vitu ambavyo Eldoret ikijaribu kuvisema vitakwama: unalala mita 2400, unatoka mlangoni kwa miguu na uko kwenye njia ya murram bila kupanda gari, Alhamisi unakimbia fatleki na dunia nzima, na jioni unasimama ukingoni unaona Bonde la Kerio lote liko chini yako, wenye mabawa ya parashuti wanaruka kutoka hapohapo. Kila kimoja kinakaguliwa ndani ya siku moja tangu mgeni afike. Eldoret ina uwanja wa ndege, hospitali kubwa, chuo kikuu, benki, maduka, na mgeni wa Iten anavihitaji vyote hivyo. Kwa hivyo hesabu nzuri ni kugawana safari, Eldoret iuze kufika na huduma, Iten iuze kukaa, badala ya kuwekeana mabango barabara moja.

Sasa, utajuaje kama kazi inafanya kazi? Usihesabu waliopenda ukurasa wenu wala waliohudhuria uzinduzi. Hesabu usiku wa kulala, kwa mwezi, kutoka kila nyumba ya wageni na kila kambi, manake idadi ya wageni inadanganya na usiku haudanganyi. Hesabu waliorudi mara ya pili. Mapokezi waulize maswali mawili tu, ulisikia habari zetu kutoka kwa nani, na ni kitu gani ulitegemea ukakikosa. Hilo la pili liandikwe neno kwa neno, lisomwe kila mwezi na mtu mwenye uwezo wa kutuma fundi. Kama watu 10 mfululizo wanasema taa za barabarani hakuna na wanakimbia gizani, hiyo ndiyo bajeti ya brendi ya robo inayofuata.

Na fuatilia kodi za nyumba. Wageni wa mwezi mzima wakianza kuwa wengi, mwenye ploti anagundua chumba alichokuwa anampangisha kijana wa mazoezi kinaweza kulipwa mara kadhaa na mgeni, na yule kijana anasukumwa kilomita nane nje ya mji. Siku vijana hao wakiondoka, fatleki ya Alhamisi itabaki na wageni wanaokimbizana wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana kama ningeulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, ningesema hosteli ya bei ya chini kwa wakimbiaji wanaoanza, karibu na njia, yenye maji ya uhakika na mtu wa kuisimamia, alafu Kamariny imalizwe kama bado, alafu ramani ya njia. Upinde uko tayari, wapake rangi tu.